Barua ya mnukuzi ionyeshe mstari mmoja uliomtatiza

Swali la wiki: Mnukuzi wa kujitegemea anaomba kazi katika mradi wa nyaraka wa chuo kikuu. Aandike nini kwenye barua ili waamini kweli anasoma hati za mkono za kale?

Mimi ni mnukuzi wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na barua za aina hii nimeandika kadhaa. Sentensi ya "nina uzoefu mkubwa wa hati za kale" niliiacha zamani, kwa sababu kila mwombaji anayo. Badala yake natoa aya nzima kwa mstari mmoja mgumu na kueleza nilivyoamua kuusoma.

Wasiozijua hati hizi wafahamu kwanza ugumu uko wapi. Alama za irabu ni tatu tu: fataha, kasra na dhuma. Kwa hiyo i na e mara nyingi hugawana kasra, na u na o hugawana dhuma. Konsonanti nazo hubanana: be hubeba b, p na hata mb, na fe hubeba f na v. Ukiona be yenye kasra ikifuatwa na dali yenye fataha, huenda ni "penda", huenda ni "pinda", maana n iliyotangulia d nayo mara nyingi haiandikwi. Hapo sentensi kwa kawaida hukuokoa. Kuna mahali haikuokoi.

Mfano ninaopenda kuuweka kwenye barua ni wa fe. Tuseme mstari wa 7 unasomeka ama "amefua nguo" ama "amevua nguo". Zote mbili ni Kiswahili safi na zote zina maana. Mnukuzi mwenye haraka huchagua moja na kusonga mbele, na msomaji wa nakala yake hatajua kamwe kwamba palikuwa na njia panda. Barua yangu husema hivi:

"Katika mstari wa 7 nimesoma 'amevua', nikaweka alama ya kuuliza. Herufi ni fe yenye nukta moja. Nilipitia ukurasa wote kuona kama mwandishi huyu anatofautisha v kwa nukta tatu. Hatofautishi, kwa kuwa jina la mvua katika mstari wa 2 nalo ameliandika kwa fe hiyohiyo. Mstari wa 8 unataja kuingia majini, ndiyo maana nimeelemea kwenye 'amevua'. 'Amefua' nimeiweka kwenye tanbihi."

Aya hiyo inamwonyesha msimamizi wa mradi kwamba ninamlinganisha mwandishi na mwandiko wake mwenyewe kabla ya kukimbilia kubahatisha. Jambo hilo ni muhimu kwa sababu waandishi hawakufuata kanuni moja. Baadhi yao walikopa nukta tatu za Kifarisi kuonyesha sauti kama p na ch, wengine hawakujali. Kama mwandishi huyu angekuwa anaweka nukta tatu kila penye v, fe yake ya nukta moja ingekuwa f, na ubishi ungeishia hapo.

Kisha naambatisha ukurasa mmoja, mstari kwa mstari, wenye safu mbili: ya kwanza herufi kama zilivyo, ya pili usomaji wangu. Herufi niliyoiongeza mimi huwa ndani ya mabano ya mraba, na palipoliwa na mchwa nasema pameliwa. Ukurasa wenyewe hautoki kwa mteja aliyenipa barua za babu yake. Nachagua hati ambayo picha yake iko wazi kwa umma, kama zile za Kiswahili zilizowekwa mtandaoni na chuo kikuu cha SOAS cha London, ili mwajiri aifungue mwenyewe na kunikosoa.

Tarehe nayo inastahili sentensi mbili. Hati iliyoandikwa "1307" tu haiwezi kuwekewa mwaka mmoja wa Miladi, kwani mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1889 na kuishia Agosti 1890. Ikitajwa Ramadhani, tunapata Aprili hadi Mei 1890, lakini siku kamili yaweza kusogea kwa moja au mbili kutegemea mwandamo, kwa hiyo naandika tarehe ya Hijria kwanza na ya Miladi pembeni.

Kasi naitaja kwa aina ya ukurasa, msafi na ulioharibika, nikihesabu na muda wa kuhakiki, maana wastani mmoja humdanganya anayepanga bajeti. Shahada na wateja wa zamani huchukua mistari miwili mitatu. Barua yangu inaishia kwa ombi: wanitumie ukurasa mmoja wa majaribio kutoka kwenye mkusanyo wao, na wakiweza wachague ule ambao wao wenyewe hawajakubaliana jinsi ya kuusoma.