Gari linamisi silinda moja: plagi, koili au nozeli?

Jirani yangu ana Toyota Ist yenye injini ya 1NZ-FE. Asubuhi liliwaka vizuri, ila likishapata moto na kusimama kwenye foleni, injini ilianza kutetemeka hadi usukani ukacheza. Gereji moja ilishambadilishia plagi zote 4, tatizo likabaki palepale. Mashine ya kupimia ikasoma P0302, yaani silinda ya 2 inamisi. Kodi hiyo inataja silinda tu. Haisemi kilichokosekana ni cheche au mafuta.

Mimi huanza na koili, maana imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10. Zima gari, hamishia koili ya silinda ya 2 kwenye ya 3, na ya 3 uirudishe kwenye ya 2, kisha futa kodi. Plagi usiziguse kwanza. Ukihamisha vyote kwa mkupuo, kodi ikihama hutajua imefuata kipi. Baada ya hapo endesha mpaka hali ileile ya kumisi irudi. Koili nyingi zinazochoka hugoma zikipata joto, kwa hiyo kupima injini ikiwa baridi ni kujidanganya. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu.

Kwa jirani ilirudi P0302, tukafungua plagi. Plagi inazungumza sana, tena wengi huifuta kwa kitambaa kabla ya kuitazama! Cheche ikikosekana, petroli inaingia bila kuungua, hivyo plagi hutoka imelowa na inanuka. Ukikuta oili kwenye shimo lake, gasketi ya kava ya tapeti inavujisha, na oili hiyo huharibu mpira wa koili. Hii yetu ilikuwa kavu, nyeupe kuliko wenzake. Tuliihamishia silinda ya 3 kwa utaratibu uleule, kodi haikuhama.

Plagi kavu inaelekeza kwenye nozeli, au hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifoldi. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na mpini sikioni, injini ikiwa inaunguruma. Ukimya ni dalili ya waya, soketi au koili ya ndani ya nozeli. Yetu iligonga kama nyingine, kumbe kugonga hakuthibitishi kwamba mafuta yanatoka ya kutosha.

Hapo mwachie fundi anayejua kutoa presha ya mafuta kwanza, kwa sababu petroli ikirukia injini ya moto ni hatari. Akihamishia nozeli ya silinda ya 2 kwenye ya 3, na ya 3 kwenye ya 2, aweke na oringi mpya. Kodi ilihamia P0303. Nozeli zote zikapelekwa kwenye mashine ya kusafishia, na ile ya silinda ya 2 ikaonekana inatoa mafuta kidogo kuliko nyingine.

Wakati wa majaribio haya, taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, simamisha gari. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kataliti ya bomba la moshi na kuiharibu, na bei ya kataliti inazidi ya nozeli zote 4.