Kamusi ya data ya ripoti ya kahawa: kilo zipi hasa?

*Swali: "Tunanunua kahawa Masaka na kila Jumatatu tunatuma ripoti ya mapokezi yenye safu 14. Kila karani mpya anauliza maana ya safu zilezile, na makarani wawili wakijaza stakabadhi moja majumla hayalingani. Kamusi ya data naiandikaje ili isomwe?"*

Ndugu, fungua ripoti ya wiki iliyopita, nakili vichwa vya safu vilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, uvibandike kwenye karatasi mpya ya faili hilohilo la Excel. Ukikiita "Uzito halisi" wakati ripoti inasema `Kilo_net`, karani atatafuta asikione. Usiiweke kamusi kwenye faili la Word la pembeni, hakuna atakayelifungua.

Kila safu ipate mstari wake wenye mambo sita: maana, kipimo, inatoka wapi, thamani zinazokubalika, ikiwa tupu maana yake nini, na mfano mmoja. Usianze na safu ya kwanza. Anza na ile inayogombanisha watu, na kwenye kahawa hiyo ni ya kilo.

"Kilo za kahawa iliyopokelewa" si maelezo, ni kichwa kilichorudiwa. Kilo za kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda, au za kase, yaani iliyokwisha kukobolewa? Pamoja na magunia au bila? Andika hivi: "Uzito wa mzani ukitoa magunia matupu, kilo 1 kila gunia. Kahawa ibaki katika hali iliyoletwa nayo. Chanzo: stakabadhi ya mzani. Mfano: mzani 412, magunia 6, andika 406." Huo mfano ndio karani atakaousoma kwanza, pengine peke yake, kwa hiyo uhesabu mwenyewe kwanza. Kama magunia yenu yana uzito mwingine, weka wa kwenu.

Safu hiyo haifai kujumlishwa. Kilo 406 za kiboko na 300 za kase zikifanywa 706, hiyo si kahawa ya aina yoyote. Jumla ichukuliwe kwenye safu ya kase sawa, yaani kiboko kilichogeuzwa kwa kiwango cha kukoboa. Kiwango hicho nacho kielezwe kinavyopatikana: pima gramu 500 za kiboko, koboa, pima kase; ikitoka gramu 270, kiwango ni 0.54. Fomula iandikwe kwenye kamusi kama ilivyo kwenye ripoti:

```
=IF(D2="kiboko",E2*F2,E2)
```

`D` ni aina, `E` ni kilo, `F` ni kiwango. Kwa mfano wetu, 406 mara 0.54 ni 219.24, ukiongeza kase 300 unapata 519.24. Hapa kuna mtego. Seli iliyopangwa kwa asilimia, ukiandika 54 Excel inaelewa 54%. Seli ya kawaida inabaki na 54 kamili, na magunia sita yanageuka kilo 21,924. Kwa hiyo kamusi iseme "desimali kati ya 0 na 1", na Data Validation iwekwe ikatae kinachozidi 1. Safu ya aina nayo iwe ya kuchagua kwenye orodha, maana "Kiboko" yenye herufi iliyopotea haitambuliwi na fomula: kiboko kitahesabiwa kama kase, na Excel haitalalamika.

Unyevu ndio unaoonyesha kwa nini utupu unahitaji maelezo. Vipimo 13, 14 na 12 wastani wake ni 13. Shehena ya nne ambayo haikupimwa ikiachwa tupu, `AVERAGE` inairuka. Karani akijaza 0 ili pasionekane pengo, wastani unashuka hadi 9.75, na bosi ataamini kahawa imekauka kupita kiasi. Andika: "Haikupimwa: acha tupu. 0 hairuhusiwi."

Safu ya saa isikupite. Kwetu "saa 3" ni asubuhi jua limeshapanda, ila Excel ukiiandikia 3:00 inaelewa ni saa tisa usiku. Sharti: saa tatu asubuhi huandikwa 09:00. Jina la mkulima na namba ya simu, sentensi moja moja inatosha.

Kuijaribu, mpe mtu asiyejua ripoti kamusi na stakabadhi tano za wiki iliyopita, ajaze bila kuuliza. Linganisha na ripoti iliyotumwa. Anapotofautiana, rekebisha maelezo ya safu hiyo, kisha mpe mtu mwingine. Yule wa kwanza ameshajua majibu.

Maana ikibadilika, tuseme mnabadilisha kiwango msimu mpya unapoanza Oktoba, usifute ya zamani. Andika chini yake "hadi 30 Septemba" na "kuanzia 1 Oktoba", la sivyo atakayelinganisha misimu miwili atadhani wakulima wameleta kahawa pungufu.