Venia Haikuwa na Kosa, Shingo ya Chupa Ndiyo Iliyokuwa Yai

Kwa karibu wiki 3, zamu ya mchana na zamu ya usiku pale kazini hazikuwa zikisalimiana vizuri. Tunapuliza chupa za plastiki za lita moja, huku Viwandani karibu na barabara ya Lunga Lunga, na ugomvi ulikuwa juu ya shingo ya chupa. Mchoro wa mteja unataka upana wa nje wa shingo uwe milimita 38.00, ukizidi au ukipungua 0.20 basi. Usiku wanapima, wanapitisha maboksi, wanaenda kulala. Asubuhi mwenzao anatoa chupa kwenye boksi lilelile, anapata 37.78, anabandika karatasi nyekundu. Kila upande ulikuwa na maoni yake kuhusu macho ya upande mwingine.

Meneja akaamua tununue venia mpya, yaani kile kifaa chenye taya cha kubana kitu na kusoma upana wake. Nikamwomba anipe siku mbili kwanza. Venia tuliyokuwa nayo ilikuwa imetoka kukaguliwa KEBS, shirika la viwango la Kenya, Popo Road, miezi michache nyuma, na stika ilikuwa bado inang'aa. Lakini cheti cha ukaguzi kinajibu swali moja tu: ukiibana venia kwenye kipande cha chuma ambacho upana wake unajulikana, itasema ukweli? Mikono yetu haimo kwenye cheti, wala plastiki inayobonyea, wala uchovu wa saa tisa usiku.

Jaribio linaloangalia hayo ndilo linaloitwa `Gage R&R` kwenye menyu za programu za takwimu. Lina maswali mawili. La kwanza, mtu mmoja akipima kitu kilekile tena kwa kifaa kilekile, namba inamrudia? La pili, kitu hicho kikipita mikononi mwa watu tofauti, wastani wao unafanana? Majibu hayo mawili yanaunganishwa kuwa namba moja, kisha unaipima dhidi ya nafasi uliyopewa na mchoro. Kwetu nafasi hiyo ni 0.40, kutoka 37.80 hadi 38.20.

Nilichukua chupa 10, wapimaji 3, kila mmoja apime kila chupa mara 2. Vipimo 60, asubuhi moja inatosha. Wapimaji wawe walewale wanaopima kila siku. Ukimweka mhandisi na fundi mkuu utapata matokeo mazuri ya watu ambao hawapimi.

Chupa zenyewe ndizo zinazoharibu majaribio mengi. Mara ya kwanza kabisa nilipofanya kazi hii, miaka ya nyuma mahali pengine, nilichota chupa 10 kutoka boksi moja. Zilikuwa zimefanana kama mapacha, hivyo kosa la kupima likaonekana kubwa mno likilinganishwa na tofauti za chupa. Unaweza pia kudanganyika kwa upande wa pili: ukichanganya chupa mbovu za makusudi, kosa lako litaonekana dogo kuliko lilivyo. Safari hii nilikusanya chupa kwa siku 5, kutoka kila moldi, bila kuchagua.

Namba za chupa niliziandika chini ya kitako, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa chupa kwa mpangilio uliovurugwa. Bado nilimkamata kijana mmoja akiwa na kikaratasi kwenye kiganja. Alikuwa ameshaitambua chupa ya 4 kwa alama ya mkwaruzo, na akiiona anaangalia alichopata mwanzo kabla ya kubana. "Nataka tu nisikosee, bosi," akaniambia. Nilimwelewa, lakini nilizifuta namba zake zote tukaanza upya. Kuanzia hapo mpimaji anabana, mimi nasoma skrini na kuandika.

Hesabu yenyewe inafanyika kwenye Excel. Kwa kila chupa na kila mpimaji unatoa kipimo kidogo kwenye kikubwa, kisha unatafuta wastani wa tofauti hizo zote 30. Huo ndio `Rbar`. `Xdiff` ni wastani wa mpimaji wa juu ukitoa wastani wa mpimaji wa chini. `Rp` ni hivyohivyo kwa chupa: wastani wa chupa pana zaidi ukitoa wa chupa nyembamba zaidi. Kutokana na hizo unapata `EV`, kosa la mtu yuleyule akirudia kipimo, `AV`, tofauti ya mpimaji na mpimaji, `GRR`, yote mawili yakiunganishwa, na `PV`, tofauti za chupa zenyewe.

```
EV  = Rbar * 0.8862
AV  = SQRT((Xdiff*0.5231)^2 - EV^2/20)
GRR = SQRT(EV^2 + AV^2)
PV  = Rp * 0.3146
```

Namba hizo za desimali si za kubuni. 0.8862 ni ya kupima mara 2, 0.5231 ni ya wapimaji 3, na 0.3146 ni ya chupa 10. Ukibadilisha idadi, zinabadilika. Kwa mfano ukipima mara 3 unatumia 0.5908. Ile 20 ni chupa 10 mara vipimo 2. Na ikitokea kilicho ndani ya mzizi wa `AV` kimekuwa hasi, weka sifuri uendelee.

Yetu yalitoka hivi. `Rbar` ilikuwa 0.062, kwa hiyo `EV` ikawa 0.055. Wastani wa wapimaji ulikuwa 38.021, 38.006 na 37.969, tofauti ya 0.052, na `AV` ikawa 0.024. Ukiunganisha, `GRR` ni 0.060. Zidisha kwa 6 ili kupata upana wote ambao kosa la kupima linaweza kutawanyika: 0.36. Nafasi tuliyopewa ni 0.40! Yaani asilimia 90 ya nafasi ya mteja ilikuwa imeliwa na upimaji wetu kabla hata chupa haijakosea. Mwongozo wa watengenezaji magari wa Marekani, AIAG, ambao viwanda vingi huufuata, unakubali chini ya asilimia 10, unaacha 10 hadi 30 kwa uamuzi wako, na unakataa juu ya 30.

Meneja alipoona 90 akashika simu aite muuza venia. Lakini angalia kosa liko wapi. `EV` ni zaidi ya mara mbili ya `AV`. Kwa hiyo sehemu kubwa haikuwa ugomvi wa zamu hata kidogo: mtu yuleyule, chupa ileile, namba tofauti. Venia inayosoma hadi 0.01 na kurudia vizuri kwenye chuma haiwezi kutoa mtawanyo kama ule peke yake.

Jioni nikakaa na chupa moja, kikombe cha chai na venia. Nikabana shingo, nikaandika, nikazungusha chupa kidogo, nikabana tena, mara 12 hadi nikamaliza mzunguko. Namba zilipanda kutoka 37.94 hadi 38.08, zikashuka, zikapanda tena. Shingo haikuwa duara. Ilikuwa kama yai, na upana wake ulikuwa unafuata ule mstari mwembamba unaoachwa na maungio ya moldi. Mpimaji akiokota chupa bila kuangalia mstari uko wapi, anapima yai kwa bahati nasibu. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa pale alipobana.

Hapa ndipo ninapompa ushauri anayeanza: `EV` ikiwa kubwa, usikimbilie kulaumu kifaa. Chukua kipande kimoja ukipime sehemu moja iliyotiwa alama, mara 10. Namba zikitulia, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye umbo la kipande au kwenye maelekezo ya wapi pa kupima.

Tofauti ya watu nayo ilikuwa na sababu ya kuonekana kwa macho. Mama wa zamu ya mchana, aliyepata 37.969, alikuwa akibana taya za venia hadi zinaacha alama nyeupe kwenye plastiki. Nilimwuliza kwa adabu, Mama, mbona unabana hivyo? Akanijibu kwamba alifundishwa kazi kwenye karakana ya vyuma, na huko usipokaza unaambiwa unapapasa.

Tukabadilisha vitu viwili, bila kununua chochote. Kipimo cha chupa sasa ni wastani wa sehemu mbili: taya moja kwenye mstari wa maungio, kisha chupa inageuzwa robo mzunguko. Na taya zinafungwa hadi ziguse tu. Chupa ikivutwa iteleze itoke bila kukwama. Tulifanya mazoezi nusu saa, kisha vipimo vyote vikarudiwa.

Safari hii `Rbar` ilikuwa 0.018 na tofauti ya wapimaji 0.017. `EV` ikawa 0.016, `AV` 0.008, `GRR` 0.018. Mara 6 ni 0.108, asilimia 27 ya nafasi yetu. Chupa zenyewe zilitofautiana, `PV` 0.066, na ukichukua 1.41 mara `PV` kugawa kwa `GRR` unapata 5 na kidogo. Hiyo ni idadi ya makundi ya chupa ambayo upimaji unaweza kuyatenganisha, na 5 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Kwenye jaribio la kwanza tulikuwa na 1, yaani hatukuweza kuitofautisha chupa yoyote na nyingine.

Je, asilimia 27 inatosha? Inategemea unapimia nini. Kuona kama mashine inahama kutoka asubuhi hadi jioni, inatosha. Kusema chupa iliyosoma 37.81 ni nzima, haitoshi, kwa sababu upana wake wa kweli unaweza kuwa 37.78. Kwa hiyo tuliweka ukanda wa 0.04, takriban mara mbili ya `GRR`, ndani ya kila mpaka. Kipimo kikiangukia kati ya 37.80 na 37.84, au 38.16 na 38.20, watu wawili wengine wanapima tena na tunachukua wastani wa watatu.

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata karatasi nyekundu zilipungua sana, lakini hazikuisha, na zote zilikuwa za chupa nyembamba. Jaribio langu lilikuwa na shimo ambalo hesabu haiwezi kuliona: chupa zangu 10 zilikuwa zimekaa siku kadhaa rafuni, zimepoa kabisa, na zamu ya usiku hupima chupa iliyotoka mashineni sasa hivi, bado ina joto mkononi. Plastiki inaendelea kusinyaa ikipoa. Nilipima chupa 5 zikiwa za moto, nikazipima tena kesho yake saa ileile, na kwa wastani zilikuwa zimepungua 0.11. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko kosa lote la mikono yetu, na ilikuwa nje ya jaribio kwa sababu mimi mwenyewe niliitoa nilipochagua chupa.

Sasa kuna rafu kando ya mashine, na kila chupa ya sampuli inaandikwa kwa kalamu ya wino mzito saa iliyotoka. Haiguswi na venia ya kuamua kabla ya saa 24. Ya moto bado inapimwa, lakini kwa kumwonyesha fundi mashine inaelekea wapi, na kwenye daftari lake lenyewe.