Feni zinazunguka, skrini nyeusi: anza na taa ya kibodi

Ukiletewa kompyuta ya mezani inayowaka lakini haionyeshi kitu, mikono itakuwasha ufungue boksi. Usilifungue kwanza. Chomoa kebo ya picha upande wa kompyuta, uiache monita ikiwa na umeme. Ikiandika "No Signal", basi kioo chake na taa yake ya nyuma ni vizima, inachokosa ni picha ya kuonyesha. Isipoandika kitu kabisa, ijaribu kwenye mashine nyingine ambayo una hakika nayo kabla ya kuishuku hii.

Sasa rudisha kebo, washa mashine, subiri kama dakika moja, halafu bonyeza Num Lock mara kadhaa huku ukiangalia taa yake. Taa hiyo haiwashwi na kibodi yenyewe. Kibodi hupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, na kompyuta ndiyo inayoamuru taa iwake au izime. Kwa hiyo ikiitika, prosesa inafanya kazi na memori inasomeka. (Tumia kibodi ya waya, kwani nyingi za bila waya hazina taa hiyo.) Kama mashine ina Windows, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kwa kugusa. Ikikaa sekunde chache ikihangaika na diski kisha ikajizima yenyewe, ujue ilikuwa imeshafika mpaka ndani, ni picha tu iliyopotea njiani.

Hapo angalia kebo, na hasa tundu ilikochomekwa. Kosa ninalolikuta kila mara ni kebo kuchomekwa kwenye tundu la ubao mama wakati mashine ina kadi ya michoro. Kwenye boksi lililosimama, matundu ya kadi yako chini zaidi, yamepangwa kwa mlalo. Lakini taa kuitika hakuisafishi kadi: zipo mashine zinazoendelea kuwaka vizuri huku kadi imekufa.

Taa isipoitika, mashine imekwama mwanzoni kabisa, na mimi huanza na memori. Nilijifunza hili kwa kupoteza mchana mzima. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, nikaamini kwamba skrini nyeusi ni ugonjwa wa kadi ya michoro, nikabadilisha kadi mbili bila mafanikio. Muda wote huo kulikuwa na kitaa chekundu kwenye ubao mama, pembeni yake pameandikwa DRAM, nami sikuwahi kuinama kukisoma. Si kila ubao una vitaa hivyo, ila ukiwa navyo, DRAM ni memori na VGA ni kadi.

Mashine ile ilikuwa na vipande viwili vya memori na sloti mbili. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Nikatoa vipande vyote, nikarudisha kimoja sloti ya kwanza mpaka nikasikia "tak" ya kufunga. Picha ikaja. Nikakitoa, nikaweka cha pili palepale: picha ikaja tena. Mgeni angeishia hapo na kusema memori ni nzima, lilikuwa ni suala la kuchomeka vibaya tu. Nilipoweka kipande chochote kati ya hivyo kwenye sloti ya pili, giza. Kasoro ikifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Ikibaki kwenye sloti, shuku sloti. Nilimulika tochi ndani yake nikaona unywele wa brashi umelala juu ya meno ya shaba. Nikaupuliza, ikawaka na vipande vyote viwili.

Kila jaribio lipe muda. Mashine za DDR5 zinaweza kukaa gizani dakika kadhaa baada ya kubadilishiwa memori, hata kujizima na kujiwasha, kwa sababu zinaipima upya. Ukikata umeme katikati utadhani sloti nzuri ni mbovu.

Memori ikishathibitika na giza likabaki, toa kadi ya michoro uhamishie kebo ya picha kwenye ubao mama. Soma jina la prosesa kabla ya kutoa hukumu: za Intel zenye herufi F mwishoni hazina michoro ya ndani, kwa hiyo tundu la ubao litabaki kimya hata kama kila kitu ni kizima, na utahitaji kuazima kadi nyingine. Picha ikija bila kadi, irudishe kadi ile ile kwanza, uisukume mpaka kishikizo cha mwisho wa sloti kifunge, na uangalie waya wake wa umeme wa pini 6 au 8. Mara nyingi nimeukuta umeingia nusu, unaonekana mzima mpaka uukandamize kwa kidole gumba.