Kizuia matangazo kinapita leo, kesho kinanaswa tena

"Kila nikisasisha kizuia matangazo tovuti inafunguka, baada ya siku chache inaniambia tena nikizime. Shida nini?"

Salaam mkuu. Kwanza angalia kama una vizuia matangazo viwili kwenye kivinjari kimoja. Ukurasa huweka chambo: kiboksi kidogo chenye jina kama `adsbox`, kisha hupima `offsetHeight` yake, yaani kimo chake kwenye ukurasa. Ikirudi 0, kizuia kimekificha, umenaswa. Watunza orodha za vichujio, zile kanuni zinazokiambia kizuia kifiche nini, hujibu kwa kuacha chambo kionekane (`#@#.adsbox`), lakini kizuia cha pili kinakificha tena. Zima kimoja, halafu kama kizuia kilichobaki ni `uBlock Origin`, futa kashe ya vichujio na usasishe.

Haitadumu sana. Orodha za vichujio ziko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mafundi wa tovuti wanazisoma na kubadili jina la chambo. Nao msimbo wao unaendeshwa kwenye kompyuta yako, hivyo watunza orodha wanausoma vilevile. Wote wanacheza karata zikiwa zimefunuliwa.

Kama unatumia `uBlock Origin Lite`, tarajia kuchelewa zaidi, maana orodha zake huja pamoja na sasisho la kiendelezi chenyewe. Na tangazo likishonwa ndani ya video huko huko kwenye seva, chambo hakihitajiki tena. Kichujio hakina cha kushika.