Misumari imeongezeka uzito badala ya kupungua

"Habari, niko Mbeya. Nafanya jaribio la kutu kwa msumari mtupu, wa kupakwa zinki na wa kupakwa mafuta. Misumari yangu imeongezeka uzito baada ya wiki mbili kwenye maji ya chumvi. Shida nini?"

Ndugu, kutu iliyoganda ni chuma pamoja na oksijeni na maji, ndiyo maana mzani umepanda. Msumari mtupu uloweke kwenye siki dakika 30, sugua kwa mswaki, suuza, kausha vizuri (kwa baridi ya huko, weka karibu na jiko), ndipo upime. Siki hula hata chuma kizima, kwa hiyo loweka pia msumari mpya uliopimwa. Huo ukipoteza gramu 0.02 na wa kutu ukishuka kutoka gramu 8.42 za kabla ya jaribio hadi 8.31 baada ya kusafishwa, upotevu halisi ni gramu 0.09.

Wa zinki usiutie siki, itayeyusha zinki yenyewe; sugua kwa maji tu. Wa mafuta upime kabla ya kupaka, kisha baada ya jaribio uoshe mafuta kwa sabuni ndipo upime tena.