Kupiga chuma na spidi: kinachobadilika kweli ndani ya msuli

Vijana ninaowanoa hapa Mbeya kwa ajili ya UMISSETA wana hofu moja isiyoisha, kwamba zoezi lisilo lao litawageuza misuli. Wa mita 100 na 200 wanakwepa kupanda mlima Loleza wasije wakawa na miguu ya mbio ndefu. Wa mita 5,000 nao hawataki kugusa chuma. Msimu huu hofu hiyo ilimleta uwanjani mjomba wa binti mmoja wa mita 200, yeye mwenyewe mkimbiaji wa nusu marathoni.

"Kocha, huyu mtoto kazaliwa na spidi. Hivyo vyuma vitamwulia spidi yake. Nimesoma kwamba nyuzi zake za kasi kabisa zitapungua."

Nilimwambia mjomba alichosoma ni kweli, ila hitimisho lake silo.

Msuli wa paja la binadamu una nyuzi za aina tatu kuu. Aina ya I ni za polepole, hazichoki upesi. Aina ya IIa ni za kasi na zina ustahimilivu wa kutosha. Aina ya IIx ndizo zenye kasi kuliko zote, lakini nguvu zinawaishia mapema sana. Kinachozitofautisha hasa ni mayosini, ile protini inayovuta uzi ukajikunja. Kila aina ina mayosini yake, na mayosini haikai milele: inavunjwa na kutengenezwa upya muda wote. Ni kama ukuta unaobadilishwa tofali moja moja huku watu wanaishi ndani. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa uzi mmoja unaweza kuwa na mayosini ya aina mbili kwa pamoja, na mtu asiyefanya mazoezi huwa na nyuzi nyingi za namna hiyo.

Je, uzi wa polepole unaweza kuwa wa kasi, au wa kasi ukawa wa polepole? Kimaumbile inawezekana. Mwaka 1960 watafiti Buller na akina Eccles walichukua paka, wakakata neva ya msuli wa kasi na ya msuli wa polepole, kisha wakazibadilishana. Misuli ikafuata neva mpya: wa kasi ukapungua spidi, wa polepole ukaongeza. Kumbe amri za neva ndizo zinazoamua. Baadaye sungura waliowekewa umeme kwenye neva mchana na usiku, wiki baada ya wiki, nyuzi zao za kasi ziligeuka za polepole. Lakini angalia dozi hiyo. Hakuna binadamu anayekimbia saa ishirini na nne. Mazoezi ya saa moja au mbili kwa siku hayafikii hapo, na ndiyo maana kwa miezi michache ya mazoezi mgao wa polepole na kasi husogea kidogo sana au hausogei. Dalili kwamba miaka mingi inaweza kuusogeza ipo: katika jozi moja ya pacha wa kufanana, aliyefanya mazoezi ya ustahimilivu kwa zaidi ya miaka 30 alikutwa na nyuzi za polepole zaidi ya asilimia 90 pajani, na mwenzake asiye na mazoezi karibu 40. Ni jozi moja tu, na ni miaka 30. Mtoto wa kidato cha tatu haimhusu.

Upande wa pili unafundisha zaidi. Mtu akiumia uti wa mgongo na miguu ikapooza, nyuzi zake za polepole huanza kuhamia upande wa kasi kadiri miezi na miaka inavyopita. Msuli usiopata amri unaelekea kwenye kasi! IIx, basi, ni uzi ambao haujatumika sana, na ndiyo sababu watu wa kukaa tu huwa nazo nyingi kuliko wanaofanya mazoezi.

Hapo ndipo aliposoma mjomba. Ukianza kunyanyua vyuma vizito, nyuzi za IIx zinaitwa kazini, na ndani ya wiki chache zinaanza kutengeneza mayosini ya IIa. Hata mbio ndefu zinasukuma upande huohuo. Watafiti wa Denmaki, Andersen na Aagaard, walionyesha hili mwaka 2000 kwa vijana wa kiume wasiokuwa na mazoezi: baada ya miezi mitatu ya vyuma vizito, mayosini ya IIx pajani ilishuka kutoka takriban asilimia 9 hadi 2. Kisha wakaacha mazoezi kwa miezi mitatu, ikapanda hadi kama 17, yaani juu ya ilipoanzia.

Mjomba aliposikia 17 akachekelea. "Si unaona? Apumzike miezi mitatu kabla ya mashindano."

Hapana. Katika miezi mitatu hiyo misuli iliyonenepa inasinyaa na sehemu kubwa ya nguvu iliyoongezeka inaondoka, achilia mbali mbinu ya kutoka kwenye bloku. Isitoshe, kilichopotea wakati wa mazoezi ni kidogo kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi. Uzi wa IIa bado ni wa kasi, mara kadhaa kuliko wa aina ya I, na ukinenepa kwa vyuma unatoa nguvu kubwa zaidi ya ule wa IIx mwembamba uliokuwa haufanyi kazi. Mita 200 pia si hatua tatu. Baada ya kona, mita 60 za mwisho ni za nani asiyepungua sana, na hapo IIa inakusaidia.

Kwa hiyo ratiba ya binti hatukuibadilisha. Skwati mara mbili kwa wiki, seti nne za mara tano, uzito wa kama asilimia 80 ya ule anaoweza kuunyanyua mara moja tu, na kila mara anapanda kwa nguvu zote hata chuma kikionekana kwenda taratibu. Siku nyingine ni mita 30 za kasi kamili baada ya kuchanganya, akipumzika dakika nne kati ya mbio na mbio. Hapo sikubali haraka. Akirudia bado anahema, zoezi linakuwa la kitu kingine.

Ninachompimia ni muda wa hizo mita 30, si aina ya nyuzi. Aina huonekana kwa kuchomwa sindano nene na kutolewa kipande cha nyama ya paja kikapimwe maabara, na kipimo cha kuruka juu hakiwezi kuchukua nafasi yake, hata wanaouza huduma hiyo wakisema kinaweza. Muda ukiharibika siku mbili mfululizo, ni uchovu. Nyuzi hazibadiliki kati ya Jumanne na Ijumaa. Napunguza seti, naacha alale.

Wiki mbili kabla ya mashindano seti nne zinakuwa mbili, uzito uleule, na mbio chache kwa kasi ileile. Muda huo ni mfupi mno kwa IIx kurudi kwa maana yoyote. Spidi inayoonekana siku ya mashindano inatokana zaidi na uchovu kutoka mwilini.

Mjomba naye akauliza kama vyuma vitamharibia nusu marathoni yake. Nyuzi zake za polepole hazitageuka kwa skwati mbili kwa wiki. Nilimpa seti tatu za mara tano, siku ileile ya mbio ngumu, jioni, ili kesho yake iwe nyepesi kweli.